Amesoma kwa Nani, Ametumwa na Nani: Wasifu wa Mchungaji na wa Imamu

Wasifu wa mchungaji au wa imamu ni maelezo mafupi, mara nyingi yasiyozidi ukurasa mmoja, yanayowajulisha waumini mtu anayewaongoza katika ibada ametoka wapi, amefundishwa na nani na ametumikia wapi. Husomwa na katibu siku mchungaji mpya anapopokelewa usharikani. Huchapwa katika kijitabu cha jubilei au cha Maulidi, hubandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango, na mshereheshaji wa shughuli huukariri kabla ya kumkabidhi mgeni kipaza sauti. Kwa kuwa hupitia mikono mingi namna hiyo, kosa dogo lililoingia mwanzo husambaa, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka lilitoka wapi.

Haufanani na wasifu wa mwomba kazi. Mwomba kazi anaandika kwa watu wasiomjua ili wamchukue. Hapa mtu ameshachukuliwa, na miongoni mwa wasomaji wamo waliosoma naye darasa moja, shangazi aliyemlea, na mzee aliyekuwa mweka hazina mwaka ule kanisa lilipoezekwa. Sifa iliyotiwa chumvi mbele ya watu hao hudumu hadi mwisho wa ibada tu. Wakitoka nje wanaulizana.

Sehemu ya kwanza ni wito, na hapo ndipo wasifu wa mchungaji na wa imamu unapoachana njia. Katika makanisa yaliyotokana na matengenezo ya Ulaya, wito una pande mbili. Uko wito wa ndani, yaani ule msukumo anaousikia mtu mwenyewe moyoni, na uko wito wa nje, ambao ni kuitwa na kanisa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Walutheri hulishika hadi leo, lina kifungu kinachosema kwamba mtu asihubiri hadharani wala kutoa sakramenti kama hakuitwa kwa utaratibu. Maana yake kwa mwandishi wa wasifu ni kwamba wito wa ndani pekee hautoshi. Ukisoma kwamba mchungaji alisikia sauti usiku wa Pasaka akaanza huduma, hujajua bado kama kuna baraza lililomsikiliza, chuo kilichompokea na askofu aliyemwekea mikono. Ukisoma kwamba wazee wa usharika walimpendekeza, dayosisi ikampeleka chuoni na baadaye akabarikiwa kuwa mchungaji, umejua wito umepita kwa watu wangapi. Kile kisa cha usiku wa Pasaka kinaweza kubaki, kwa sentensi moja, mradi hizi nyingine zipo.

Maneno nayo yana wenyewe. Mlutheri wa Tanzania husema mchungaji amebarikiwa, na asiyezoea huweza kudhani ni baraka ya kawaida tu, kwa hiyo huandikwa kwa ukamilifu: alibarikiwa kuwa mchungaji. Mwanglikana ana ngazi mbili, ushemasi kwanza na ukasisi baadaye, na kila ngazi ina tarehe yake. Mkatoliki husema amepewa daraja takatifu la upadre. Kuchanganya ngazi hizi kunaweza kumnyang'anya mtu haki yake au kumpa isiyo yake. Historia ya Waanglikana wa Zanzibar ina mfano mzuri. John Swedi, mmoja wa wavulana watano waliokombolewa utumwani na kupewa Askofu Tozer mwaka 1864, alifanywa shemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupata daraja. Cecil Majaliwa ndiye aliyekuwa kasisi wake wa kwanza Mwafrika, mwaka 1890. Kila mmoja ni wa kwanza kwa namna yake. Mwandishi akiandika kwa haraka kwamba Swedi alikuwa kasisi wa kwanza, amewapotosha wasomaji kwa neno moja tu.

Kwa imamu hakuna kuwekewa mikono. Uislamu hauna daraja la upadre. Imamu ni yule anayetangulizwa na wenzake, na mafundisho yanayojulikana sana ya Mtume yanaeleza nani atangulizwe: kwanza aliye bora katika kuisoma Qurani, wakilingana aijuaye zaidi Sunna, na mwishoni huangaliwa hata umri. Ndiyo maana wasifu wa imamu unaoanza kwa kusema alipata wito wa kiroho akiwa kijana husikika kama kanzu ya kuazima. Neno limechukuliwa kwa jirani. Kinachofaa kuelezwa ni alikabidhiwa vipi: jamaa wa msikiti walimwomba, kamati ilikubaliana, au imamu aliyetangulia alimwachia naye wakaridhia. Yako mafundisho yanayomkataza mtu kuusaka uongozi, na waandishi wengi huyategemea wanaposisitiza kwamba imamu wao hakutaka bali alilazimishwa. Hapo pia kuna hatari ya kuzidisha. Imepokewa kwamba sahaba Uthman bin Abil-As alimwomba Mtume amfanye imamu wa watu wake, naye akakubaliwa, akaagizwa amwangalie aliye dhaifu kuliko wote. Kama imamu alijitolea kwa kuwa msikiti haukuwa na mtu, ni vyema iandikwe hivyo hivyo.

Sehemu ya pili ni mafunzo, na hapa wasifu wa imamu wa pwani una utamu ambao wasifu wa mchungaji hauna. Kwa mila ya wanavyuoni, swali si umesoma wapi, bali umesoma kwa nani. Elimu ilipokewa mdomoni mwa mwalimu, kitabu baada ya kitabu, mwanafunzi akisoma na mwalimu akisahihisha na kufafanua. Mwanafunzi aliyekimaliza kitabu na kuridhiwa aliweza kupewa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha, na katika ijaza hiyo mwalimu hutaja naye alikipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mnyororo ukirudi nyuma hadi kwa mtunzi, au kwa Qurani hadi kwa Mtume mwenyewe. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kitabu kizima cha namna hii kuhusu baadhi ya wanavyuoni wa Kishafii wa Mashariki ya Afrika, kilichochapwa Mombasa mwaka 1972. Anayekifungua hukuta wasifu mmoja umeshikana na mwingine kama nyavu. Huyu alisoma kwa yule, yule alisafiri Hadhramaut, akarudi akasomesha hawa. Sayyid Ahmad bin Sumeyt wa Ngazija na Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, ambao wote walifariki mwaka 1925, hawawezi kuelezwa bila kutaja waliowafundisha na waliosoma kwao.

Kumtaja mwalimu kunafanya kazi mbili kwa pamoja. Kunamshusha mwenye wasifu, kwa kuwa anaonekana kuwa mwanafunzi wa mtu, na kunampa msomaji njia ya kuhakikisha. Mji una kumbukumbu. Mwalimu akiwa hai ataulizwa. Akiwa amefariki, wako wanafunzi wenzake. Ndiyo sababu vitabu navyo hutajwa kwa majina, kwa kuwa kila kitabu kina kimo chake. Safina ni kijitabu cha mwanzo cha fiqhi, ambacho hata mtoto wa chuoni hukipitia. Minhaji ya Imamu Nawawi ni bahari nyingine, inaweza kumchukua mtu miaka. Anayesema amesoma fiqhi hajasema kitu bado. Anayesema amesoma Safina amejieleza, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Mchungaji yeye hutaja chuo, ngazi na mwaka. Chuo cha Makumira, kwa mfano, kilianza mwaka 1947 huko Lwandai, Usambara, kikahamia Makumira karibu na Arusha mwaka 1954, na baadaye kikawa chuo kikuu. Kwa hiyo kusema tu kwamba mtu alisoma Makumira hakumwambii msomaji kama alipata cheti, diploma au shahada, na si wote waliopita pale walipita mlango mmoja. Wachungaji wengi walianza kama wainjilisti: walisoma shule ya Biblia, wakatumikia mtaa kwa miaka kadhaa, kisha ndipo walipopelekwa kusomea uchungaji. Baadhi huona haya kuitaja miaka ile ya uinjilisti na kuiruka, na kuacha pengo ambalo msomaji makini huliona mara moja. Ni hasara, kwa sababu ndiyo miaka waliyotembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba, na washarika wazee wanaikumbuka kuliko shahada.

Udanganyifu katika sehemu hii huwa na alama zake. Semina ya wiki moja huorodheshwa jirani na shahada, bila kutaja muda wake. Mwaka wa kubarikiwa hutangulia mwaka wa kumaliza chuo na hakuna maelezo. Chuo hutajwa kwa jina kubwa lakini bila mji wala nchi. Kisha kuna herufi zilizotangulia jina. Shahada ya udaktari ya heshima ni zawadi, na kwa desturi ya vyuo haimgeuzi aliyepewa kuwa msomi wa udaktari. Anayeitaja hutakiwa aseme ni ya heshima, nani aliitoa na mwaka gani. Upande wa Waislamu herufi hazisumbui sana, ila neno Sheikh limekuwa la bei rahisi. Zamani kidogo mwalimu wa chuo aliitwa maalimu na akaridhika. Leo kijana aliyerudi juzi kutoka masomoni huitwa sheikh kwenye bango kabla hajasomesha mtu hata mmoja.

Utumishi, sehemu ya tatu, ndio unaoharibika mara nyingi zaidi, na ni rahisi kuona sababu ukichukua mfano mmoja. Tuseme msikiti wa mtaani Tanga umeamua kuandika wasifu wa imamu wake, na kijana wa kamati ameleta rasimu hii:

«Sheikh wetu ni mwanazuoni mkubwa aliyebobea katika fani zote za dini. Amesoma ndani na nje ya nchi na ana uzoefu wa zaidi ya miaka thelathini. Ameujenga msikiti huu na amewanufaisha watu wengi.»

Ni sentensi tatu zinazoweza kubandikwa kwa imamu yeyote, kutoka Lamu hadi Lindi. Wazee wakikaa na imamu mwenyewe na kuuliza neno moja moja, mambo hujitokeza. Fani zote hakuna aliyezisoma; yeye amesoma fiqhi na nahau. Nje ya nchi kulikuwa ni Mombasa, miezi mitatu, alipokwenda kumuuguza kaka yake na kuhudhuria darasa za jioni. Ile miaka thelathini imehesabiwa tangu alipoanza kusomesha watoto alifu na bee, wakati uimamu aliupokea muda mrefu baadaye. Na msikiti? Kiwanja ni wakfu wa bibi mmoja wa mtaani, saruji ni michango ya jamaa, na imamu alikuwa mmoja wa waliobeba ndoo za zege. Baada ya mazungumzo hayo, rasimu ya pili inaweza kuwa hivi:

«Imamu wa msikiti huu alizaliwa Pangani mwaka 1966. Qurani aliisoma kwa bibi yake mzaa baba, aliyekuwa na chuo uani kwake, akahitimu akiwa na miaka 12. Kuanzia mwaka 1984 hadi 1991 alisoma nahau na fiqhi ya Kishafii Tanga mjini. Alimaliza Safina, kisha akasoma Minhaji hadi mlango wa ndoa, mwalimu wake alipofariki. Mwaka 1992 alianza kusomesha watoto wa mtaa huu. Mwaka 1999 jamaa wa msikiti walimwomba awasalishe Alfajiri na Isha, na mwaka 2006 kamati ilimkabidhi uimamu wa swala zote tano. Hotuba ya Ijumaa hupokezana na khatibu. Msikiti ulipanuliwa mwaka 2011 kwa michango ya jamaa, juu ya kiwanja cha wakfu. Asubuhi huwa dukani kwake, anashona nguo; baada ya Magharibi ana darasa la watu wazima.»

Katika karatasi itakayobandikwa, jina la mwalimu huandikwa kamili. Rasimu hii ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haina sifa hata moja. Kinachoijengea imani ni ile Minhaji isiyomalizika. Mtu anayekubali kuandikwa kwamba hakufika mwisho wa kitabu hupewa moyo wa kuaminiwa katika mengine yote, na msomaji anayejua mpangilio wa Minhaji ataona mara moja kwamba mlango wa ndoa uko mbali sana na ukurasa wa kwanza. Milango ya tohara, swala, zaka, saumu, hija na biashara yote imeshapitwa. Ile cherehani nayo inamjulisha anayetaka kumwona imamu pa kumfuata saa nne asubuhi.

Sarufi ya Kiswahili humsaidia sana mwandishi hapa. Vitenzi vya kutendwa na vya kutendewa vinaweza kuonyesha mkono wa wengine bila mtu kujisemea kwamba ni mnyenyekevu: aliombwa, alitumwa, alikabidhiwa, alichaguliwa, alibarikiwa. Hata maisha makubwa huelezeka hivyo. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyezaliwa mwaka 1925, alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam. Hakuna haja ya kuongeza kwamba alikuwa kiongozi hodari. Hata hivyo, kitenzi cha kutendwa kikitumiwa kila mahali huficha mtu, na pale mchungaji alipofanya kitu kwa mkono wake, kwa mfano alifundisha kipaimara miaka 8 katika mtaa usiokuwa na mwinjilisti, aandikwe kuwa alifundisha. Kinachoepukwa ni kitenzi kinachomeza kazi ya wengine. «Alijenga kanisa» hubadilika kuwa «wakati wa utumishi wake usharika ulijenga kanisa», na fundi, mhasibu na akina mama wa vikundi wanabaki na fungu lao.

Idadi nazo zina adabu yake. Idadi ya miaka na ya sharika alizotumikia mchungaji zinaweza kuhakikishwa katika kumbukumbu za dayosisi. Idadi ya roho zilizookoka au ya watu waliosilimu kwa mkono wa mtu mmoja haihakikishiki, na waandishi wenye busara huiacha. Uponyaji huachwa pia. Kama upo, walioponywa watausema wenyewe kwa wakati wao, kwa majina yao, na maradhi ya mtu si mali ya wasifu wa mwingine.

Kuhusu familia, huandikwa machache. Mchungaji ana mke, au ni mama mchungaji mwenye mume, na wana watoto kadhaa, inatosha. Majina na shule za watoto hayamsaidii mwumini yeyote, na karatasi iliyobandikwa mlangoni husomwa na kila apitaye. Vivyo hivyo kabila na ukoo. Pwani ukoo una uzito katika mnyororo wa elimu, kwa kuwa mara nyingi baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza, na hapo hutajwa kwa sababu hiyo. Nje ya hapo hutajwa kwa fahari, na fahari hiyo inajulikana.

Wasifu huzeeka. Wachungaji huhamishwa, na karatasi inayosema kwamba mchungaji «anatumikia usharika huu tangu 2014» hubaki ubaoni miaka miwili baada ya mizigo yake kupakiwa kwenye lori. Dawa ya kawaida ni kuandika tarehe ya chini kabisa, «umeandikwa Januari», na mwaka, kisha katibu aupitie kila mwaka kabla ya mkutano mkuu wa usharika. Misikitini mambo hubadilika polepole zaidi, kwa sababu imamu mara nyingi hukaa hadi nguvu zimwishie, na kinachobadilika ni orodha ya waliosoma kwake. Wako wanaoianza orodha hiyo mapema mno, imamu akiwa bado kijana. Kwa desturi huachiwa wanafunzi wenyewe waitaje, kila mmoja katika wasifu wake.

Siku ya mazishi karatasi hiyo hiyo hutolewa tena. Katibu wa usharika huisoma makaburini au kanisani kama historia fupi ya marehemu, akigeuza «ana» kuwa «alikuwa na», akiongeza tarehe ya kulazwa hospitali, idadi ya watoto na ya wajukuu. Kwa imamu, jamaa huongeza baada ya jina dua ya kumrehemu, na mahali palipoandikwa kwamba ana darasa baada ya Magharibi huandikwa jina la aliyelirithi, na kitabu walikuwa wamefika mlango gani.